Shajara ya mradi: Haisi inayoruka baada ya apdeti, na ripoti iliyofanya studio iitazame

Kundi letu la hapa Mwanza huendesha daladala za kwenye gemu kwa msafara, kila mtu kwake, tukiunganishwa na mtandao. Wengine wako Nyakato, wengine Igoma na Pasiansi. Apdeti ya Machi iliharibu gari tunalolipenda kuliko yote, haisi ya abiria. Shajara hii inaeleza tulivyolitafuta tatizo mpaka studio ikaliona kwenye mashine zake. Jina la gemu na la studio nimeyaacha, kwa sababu njia hii inafaa kwa gemu yoyote ya magari yenye ugonjwa wa aina hii.

8 Machi: Dalili

Haisi tupu, imeegeshwa kwenye lami tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa. Inaanza kutetemeka kidogo kwenye magurudumu. Kabla sekunde mbili hazijaisha mtetemo umekuwa mkubwa kiasi cha matairi kuachana na ardhi, gari linaruka, linaangukia upande mmoja, linaruka tena. Mara nyingi linaishia kulala ubavu. Likiwa mwendoni hali ni hiyohiyo, ila hapo mtu hudhani amegonga kitu.

Mwenzetu mmoja alituma ripoti siku ileile: "Baada ya apdeti haisi inaruka yenyewe, rekebisheni haraka," na video ya simu. Siku iliyofuata ikafungwa kwa maelezo kwamba wamejaribu na hawakuliona tatizo. Siamini walidanganya. Hata ndani ya kundi letu, wenye kompyuta zenye nguvu walisema haisi zao zimetulia kabisa. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kitu kinachotofautisha mashine zetu na zao, kisha kuwapa hatua ambazo zingelitoa tatizo hilo hata mezani kwao.

9 hadi 12 Machi: Yaliyojaribiwa na kukataliwa

Kwanza niliondoa nyongeza zote: rangi za daladala, honi, ramani za wachezaji. Nikakagua faili za gemu kwa kitufe cha duka chenyewe, nikaanza mchezo mpya usio na historia. Haisi ikaruka vilevile. Hatua hii haikwepeki, kwa sababu studio ikiona nyongeza hata moja kwenye ripoti, jibu la kwanza litakuwa "ondoa nyongeza ujaribu tena," na wiki nzima itakuwa imepotea.

Kisha tukashuku barabara. Wengi walikuwa wameliona tatizo kwenye ramani yenye vumbi na mashimo. Nikaihamishia haisi kwenye karakana ya gemu, ambako sakafu ni bapa kabisa. Ikaruka. Tukashuku mteremko, ikaruka hata pasipo mteremko. Tukashuku usukani wa kuchomeka, nikauchomoa, ikaruka. Programu inayoendesha kadi ya picha niliisasisha pia. Ilimaliza sehemu nzuri ya bando na haikubadilisha kitu.

Faida moja ilipatikana: karakana ikawa mahali petu pa kupimia. Hakuna trafiki, hakuna upepo, sakafu ni ileile kila mara, na gari linatokea mahali palepale. Kuanzia hapo kila jaribio lilifanyika karakanani, na tulibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

15 Machi: Abiria wanne

Dada mmoja wa kundi ndiye aliyefungua njia. Alisema haisi yake huruka anapotoka kituoni asubuhi, lakini akishajaza abiria inatulia. Nikaenda karakanani nikawa nampandisha abiria mmoja mmoja. Gari tupu liliruka mara moja. Likiwa na abiria 3 lilianza taratibu, likachukua sekunde kadhaa kabla ya kuruka. Lilipofika abiria 4 lilitetemeka kidogo kisha likanyamaza. Nikawashusha, likaanza tena. Nikawapandisha, likatulia.

Hapo nikajua kwamba uzito umo ndani ya jambo hili. Kitu kinachoharibika gari likiwa jepesi na kupona likiwa zito kinaelekeza macho kwenye springi na shokapu, ambazo nguvu zake zimepangwa kwa namba wakati mzigo unabadilika.

16 Machi: Fremu 30

Nilikwenda kwenye chumba cha gemu kule Kirumba, ambako saa moja ni shilingi 1,000 na kompyuta ni nzuri. Haisi tupu karakanani: kimya. Kona ya skrini ilisoma `FPS 60`, yaani fremu, au picha, 60 kwa sekunde. Nikaingia kwenye mipangilio nikaweka kikomo cha fremu 30. Kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya, haisi ilikuwa inaruka. Nikarudisha 60, ikatulia.

Hiyo ndiyo tofauti tuliyokuwa tukiitafuta. Laptopu zetu nyingi ni za mtumba na zimewashiwa ulinganifu wa skrini, yaani V-Sync, mpangilio unaoifanya gemu iisubiri skrini. Skrini ya kawaida huonyesha upya picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikichelewa kidogo, mpangilio huo mara nyingi huishusha gemu moja kwa moja hadi 30, nusu ya 60. Mashine za studio bila shaka hazifiki huko chini, na ndiyo maana hawakuona kitu.

Nikashuka ngazi kwa ngazi. Kwa fremu 40 gari likidondoshwa hutikisika chini ya nusu sekunde kisha linanyamaza. Kwa fremu 35 mtetemo unadumu sekunde mbili tatu, ila unapungua. Kwa fremu 30 unakua. Mpaka uko mahali fulani kati ya 35 na 30, na mpaka ulio wazi namna hii ni ushahidi wenye uzito kuliko video yoyote.

Kurekodi ndiko kulikosumbua. Nilipowasha programu ya kurekodi skrini kwenye laptopu yangu, yenyewe ilikula nguvu na fremu zikashuka, hivyo haisi ikaruka hata nilipoweka kikomo cha 60. Video ile ingewapotosha studio kabisa. Nikaizima programu, nikasimamisha simu juu ya rundo la vitabu na kurekodi skrini kwa kamera, huku namba ya fremu ikisomeka wazi pembeni. Video haipendezi, lakini inachoonyesha ndicho kinachotokea.

20 Machi: Faili mbili

Duka la gemu linaruhusu kurudi toleo lililopita. Kulishusha kulinigharimu bando la shilingi 15,000, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu. Nilinakili folda ya magari ya toleo la zamani, nikailinganisha na ya toleo jipya. Kwenye faili ya haisi, `minibus_01.cfg`, ilibadilika mistari miwili tu: ule wa namba ya toleo, na huu wa shokapu:

```
[suspension]
spring = 40000
damper = 30000
```

Kwenye toleo la zamani `damper` ilikuwa 3000. Maelezo ya apdeti yalisema wamepunguza kuyumba kwa magari madogo ya abiria kwenye kona, na shokapu ngumu zaidi hufanya hivyo kweli.

Kulinganisha faili peke yake hakuthibitishi chanzo, kwa hiyo nilifanya mabadilishano ya pande mbili. Kwenye toleo jipya nikaandika 3000: haisi ikatulia kwa fremu 30. Kwenye toleo la zamani nikaandika 30000: haisi ambayo haikuwahi kuruka ikaruka. Jaribio la pili ndilo lililo muhimu zaidi. Linaonyesha kwamba tatizo halikuhitaji injini mpya ya gemu, na kwamba udhaifu ulikuwepo tangu zamani ukingoja namba kubwa ya kuuamsha.

22 Machi: Mabatini, kwa fundi

Nilitaka kujua shokapu halisi hufanya nini, nikapita gereji moja Mabatini. Fundi alikuwa na haisi tupu uwanjani. Akaweka viganja vyote viwili juu ya bampa la nyuma, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akaachia ghafla. Gari lilipanda, likapita kidogo usawa wake, likashuka na kutulia.

"Umeona, mdogo wangu? Springi inataka kucheza, shokapu inaikatalia. Ikicheza mara tatu nne, shokapu imekufa."

Nikamuuliza, "Fundi, na shokapu ikiwa ngumu mara kumi?"

"Gari halina springi tena hilo. Kila shimo litakupanda mgongoni. Lakini kuruka lenyewe limesimama? Hapana, hilo haliwezekani."

Jibu lake ni sahihi, na ndani yake mna kiini cha tatizo. Shokapu halisi hupunguza mwendo tu, haiwezi kuongeza. Shokapu ya gemu inaweza, kwa sababu haifanyi kazi mfululizo. Kompyuta hutazama kasi ya gurudumu mara moja kwa kila hatua, ambayo hapa inaonekana ni fremu moja, hukokotoa nguvu ya kulipinga, kisha huishikilia nguvu hiyo mpaka hatua inayofuata. Hatua ikiwa ndefu na shokapu ikiwa kali, nguvu ile haikomei kulisimamisha gurudumu, inalipindua na kulirusha upande wa pili kwa kasi kubwa kuliko ya mwanzo. Ni kama mtu anayenyoosha mtumbwi kwa kasia huku amefumba macho: akipiga kwa nguvu nyingi na kufumbua amechelewa, mtumbwi umeshapita usawa, naye anapiga upande wa pili kwa nguvu zaidi.

Kwa njia ya Euler inayotumiwa na gemu nyingi, ile inayosogeza kasi kwanza na mahali baadaye, gurudumu hubaki tulivu sharti hili likitimia:

```
2*c/(f*m) + k/(f*f*m) < 4
```

Hapo `c` ni shokapu, `k` ni springi, `f` ni hatua kwa sekunde, na `m` ni kilo zinazobebwa na gurudumu moja. Haisi tupu ya gemu ina kilo 1,800, na skrini ya vipimo inaonyesha kila gurudumu limebeba 450. Kwa hatua 30 jumla inakuwa 4.54, imevuka. Kwa 35 inakuwa 3.88, imebaki ndani kwa shida, na ndiyo maana mtetemo ulichukua muda kuisha. Kila abiria kwenye faili ana kilo 65. Kwa hatua 30, abiria 3 wanatoa 4.10 na abiria 4 wanatoa 3.97. Jaribio la karakanani lilifanyika wiki moja kabla sijaikokotoa hesabu hii, na vimekutana kwenye abiria yuleyule wa nne. Kwa shokapu ya zamani ya 3000, haisi tupu ingehitaji kushuka chini ya fremu 7 ndipo iruke, na hakuna anayecheza hivyo.

24 Machi: Ripoti iliyotumwa

Nimeiweka hapa kwa Kiswahili kwa atakayetaka kuinakili. Jambo nililolizingatia kuliko mengine ni kutochanganya nilichokiona na ninachokidhani. Sikuandika kwamba mtu kaongeza sifuri kimakosa, ingawa 3000 na 30000 zinashawishi. Huenda walikusudia. Mpangaji programu wa studio akisoma tuhuma anaanza kujitetea. Akisoma hatua anazifuata.

Kichwa: Haisi tupu (`minibus_01`) inaruka ikiwa imesimama, fremu 30 kwa sekunde au chini, tangu apdeti ya Machi.

Hatua: (1) Anza mchezo mpya bila nyongeza. (2) Weka kikomo cha fremu 30. (3) Chukua `minibus_01` karakanani bila abiria. (4) Vuta breki ya mkono, zima injini, subiri sekunde 5.

Kinachotarajiwa: gari litulie. Kinachotokea: mtetemo unakua, gari linaruka kabla ya sekunde 2. Kila mara, kwenye kompyuta zote tulizojaribu zikiwa na kikomo hicho.

Kinachoondoa tatizo: fremu 35 au zaidi, au abiria 4 au zaidi, au `damper = 3000`.

Kinacholileta kwenye toleo la zamani: `damper = 30000`.

Dhana yetu: nguvu ya shokapu inakokotolewa mara moja kwa fremu, na kwa thamani hii hatua ya fremu 30 ni ndefu mno. Dhana hii inaweza kuwa si sahihi. Hatua zilizo juu haziitegemei.

Nikaambatisha video ya sekunde 20, faili ya kumbukumbu ya gemu, na hifadhi ya mchezo iliyosimama karakanani tayari. Nikarejea namba ya ile ripoti iliyofungwa, ili wasiifunge hii kwa kudhani ni malalamiko mapya ya jambo walilokwisha kulitazama. Umeme ulikatika katikati ya kupakia video, na fomu ikafuta kila kitu. Ushauri kwa atakayefuata: andika ripoti kwenye faili yako kwanza, ndipo uibandike.

29 Machi: Jibu

Wameliona. Mpangaji wao aliandika kwamba kwa kikomo cha fremu 30 haisi iliruka mezani kwake mara ya kwanza alipojaribu, na kwamba majaribio yao yote ya magari hufanyika bila kikomo. Aliuliza swali moja tu: kwenye toleo la zamani lenye 30000, je, mpaka wa fremu ulikuwa uleule? Nikarudi kupima. Ni uleule, kati ya 30 na 35. Hali ya ile ripoti ya kwanza ikabadilika kutoka "imefungwa" kuwa "imethibitishwa".

12 Aprili: Toleo la majaribio

Wametoa marekebisho kwenye tawi la majaribio. `damper` sasa ni 6000. Nimejaribu haisi tupu kwa fremu 30, 25 na 20: imetulia kote. Kwenye kona inayumba kuliko ilivyokuwa Machi na kidogo kuliko ilivyokuwa kabla. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipostahili kuwa tangu mwanzo: ukiikandamiza kwa kuidondosha, inarudi juu, inapita usawa kwa kiasi kidogo sana na kutulia, karibu na ile ya gereji ya Mabatini.

Lakini wamebadilisha namba tu. Fizikia bado inakwenda kwa fremu. Mpangaji amesema kuigawa hatua moja katika vipande vidogo visivyotegemea fremu ni kazi ya toleo kubwa linalofuata, kwa sababu inagusa kila gari na hata mchezo wa mtandaoni. Namwelewa. Ukibadilisha urefu wa hatua, kila gari lililokwisha kurekebishwa kwa mkono linaweza kubadilika tabia.

Kwa hiyo niliyapitia magari mengine kwa sharti lilelile kabla hatujakutana nayo barabarani. Kosta na basi kubwa ni mazito, yako mbali na mpaka. Bajaji sivyo. Apdeti ileile ya Machi iliipa `damper = 9000`, ina kilo 400 tu, na magurudumu 3 yanaibeba, karibu kilo 133 kwa gurudumu. Kwa hatua 30 sehemu ya shokapu peke yake inafika 4.5. Karakanani iliruka kama nilivyotarajia. Ikishachukua abiria 1 inatulia, na kwa sababu wachezaji wengi huiendesha wakiwa na abiria, hakuna aliyekuwa ameripoti.

Ripoti ya bajaji imetumwa leo kwa muundo uleule, kama tiketi inayojitegemea na yenye kiungo cha ile ya haisi: kikomo cha fremu 30, bajaji tupu, breki ya mkono, sekunde 5. Mpaka wake nimeupima uko kati ya fremu 35 na 30. Kwa sasa, mwenye laptopu inayoshuka hadi 30 azime ulinganifu wa skrini na kupunguza vivuli mpaka asome 40 au zaidi, au apakie abiria kabla ya kuegesha.